Mwaka Nilioomba Kupandishwa Cheo Karungu

Nilikuwa mwalimu wa Gredi ya Tatu katika shule ndogo ya binafsi huko Karungu, na nilikuwa mwanamume pekee katika madarasa ya chini. Wazazi wapya walipoleta watoto walinitazama kwa mashaka kidogo, wakauliza kama mwalimu mwenyewe yuko. Nikiwaambia ni mimi, walicheka, nami nikacheka nao. Mke wangu alikuwa na cherehani yake kwenye kituo cha biashara, akishona sare za shule, na tulikuwa tumepanga nyumba ya vyumba viwili ambayo kwenye veranda yake ungeweza kuuona ufuo ukiwa mweupe kwa omena, wale dagaa wa ziwani, waliotandazwa juani.

Mwaka ninaousimulia ulikuwa wa nne kwangu pale. Mwalimu aliyeongoza madarasa ya chini, mama mmoja ambaye sote tulimwita Madam, alitangaza kwamba mwisho wa mwaka angestaafu arudi kwao Kendu Bay. Wiki hiyohiyo mwalimu mkuu alibandika tangazo katika ofisi ya walimu. Anayetaka nafasi hiyo aandike barua ya kujipima: amefanya nini, kumekuwa na mabadiliko gani, na kuna ushahidi gani. Barua isizidi kurasa mbili. Baadaye angeitwa mbele ya kamati ya watu watatu, yaani mwalimu mkuu na wajumbe wawili wa bodi ya shule.

Niliitaka nafasi ile kuliko nilivyowaambia watu. Nyongeza ya mshahara haikuwa kubwa. Lakini anayeongoza madarasa ya chini ndiye anayeamua saa za kusoma zitapangwaje na vitabu gani vinunuliwe, tena ndiye anayeingia darasani kwa mwalimu mwenzake kumsaidia. Nilikuwa na mawazo mengi kuhusu mambo hayo na hakuna aliyekuwa akiniuliza.

Nilijua pia nani mwingine angeomba. Mwalimu wa Gredi ya Pili alikuwa rafiki yangu wa karibu kuliko wote pale shuleni. Alikuja kutoka upande wa Homa Bay mwaka mmoja kabla yangu, na tangu siku yangu ya kwanza alinionyesha kila kitu, hata mahali pa kuficha chaki ili zisiishe. Watoto wake ndio waliokuwa wakija kwangu kila Januari. Tuliliona tangazo tukiwa tumesimama pamoja. Akaniuliza kama nitaandika, nikasema ndiyo. Akasema naye ataandika. Kisha tukaenda kunywa chai kama siku zote, ingawa siku hiyo maneno yalikuwa machache.

Barua yangu ya kwanza niliiandika Jumapili mchana, mke wangu akipiga pasi upande wa pili wa meza. Nilisema mimi ni mwalimu mwenye bidii, ninayejitolea, ninayependa watoto kwa moyo wangu wote na kushirikiana vyema na wenzangu. Niliijaza kurasa mbili bila shida yoyote. Nikamsomea mke wangu, akasema ni nzuri, nami nikaamini.

Jumatatu nikampelekea Madam. Yeye hakuwa kwenye kamati, kwa hiyo haikuwa vibaya kumwomba aitazame. Alivaa miwani, akaisoma taratibu akiwa ameketi kwenye kiti chake mlangoni mwa Gredi ya Kwanza, darasa lake. Alipomaliza akaikunja mara mbili na kuniuliza barua hii ni ya nani.

Nikamwambia ni yangu.

"Huyu aliyemo humu simjui," akasema. "Wewe nakujua. Ukiondoa jina lako hapa chini, mwalimu yeyote wa hapa anaweza kuitia sahihi, na hata yule anayechelewa kila siku atasema ana bidii. Bidii waachie wao waione. Wewe waambie watoto walikuwa wapi na sasa wako wapi."

Alisema hivyo kwa upole, lakini masikio yangu yaliwaka. Aliniambia nisiitupe barua ile, niiweke tu, kisha nilete karatasi zangu za kusoma.

Karatasi za kusoma tulikuwa nazo sote. Kila Januari na kila Oktoba, mtoto mmoja mmoja aliitwa chini ya ukingo wa paa la ofisi akasoma kwa sauti mbele ya mwalimu. Tulianza na herufi, kisha maneno mafupi, kisha aya, na mwisho hadithi ya nusu ukurasa. Mahali alipokwama ndipo kiwango chake kilipoandikwa. Kazi yenyewe ilichosha, na wengi wetu tuliijaza kwa sababu ilitakiwa, tukaipeleka ofisini na kuisahau.

Nikahesabu. Januari nilikuwa na watoto arobaini, na kumi na wawili kati yao walisoma hadithi hadi mwisho. Oktoba nilikuwa na thelathini na tisa, na waliosoma hadithi walikuwa ishirini na saba. Nilifurahi sana. Nilimfuata Madam karibu nikikimbia. Akazitazama zile hesabu, akaniuliza kama watoto wale thelathini na tisa ni walewale wa Januari.

Hawakuwa walewale. Kwetu watoto huhama na wazazi wao. Samaki wakipungua upande mmoja, familia inafunga mizigo na kwenda upande mwingine, na dawati linabaki wazi. Sita walikuwa wameondoka mwaka huo, watano wakaja. Madam akasema siwezi kupima kikapu kimoja Januari na kikapu kingine Oktoba, kisha niseme kikapu kimejaa. Niwafuate walewale waliopimwa mara zote mbili. Walioondoka niseme wameondoka, na walioingia niwaandike peke yao.

Nikarudia kazi jina kwa jina. Waliobaki tangu Januari walikuwa thelathini na wanne. Kati yao, waliosoma hadithi mwanzoni walikuwa kumi na mmoja, na sasa walikuwa ishirini na sita. Tofauti na hesabu yangu ya kwanza haikuwa kubwa, lakini sasa nilipoitazama namba hiyo niliona nyuso. Nilijua nani alikuwa kwenye aya mwezi wa Juni na nani alivuka wiki ya mwisho kabisa.

Kati ya wale watano walioingia kulikuwa na msichana aliyeletwa na shangazi yake kutoka kisiwa cha Remba muhula wa pili. Alikuwa na umri wa miaka tisa na hakuwa amekaa darasani hata muhula mmoja mzima. Siku aliyofika hakuitambua herufi yoyote. Alikuwa mkimya, na kalamu aliishika ngumini kama mtu anayeogopa itamponyoka. Kila siku watoto wengine walipokuwa wakinywa uji nilikaa naye kwa muda, na mara nyingi mwalimu wa Gredi ya Pili alikaa naye kwa niaba yangu nilipokuwa na zamu ya uwanjani.

Oktoba nilipomwita kusoma, alipita herufi zote. Akapita maneno, polepole, akiyagusa moja moja. Nikampa aya. Alisoma sentensi ya kwanza, akaingia ya pili, kisha akasimama katikati. Aliweka kidole pale na kunitazama bila aibu yoyote.

"Mwalimu," akasema, "leo nimefika hapa."

Kwenye karatasi nilitakiwa kuandika "maneno", kwa sababu aya hakuimaliza. Niliandika hivyo. Katika hesabu ya wasomaji wa hadithi msichana yule asingeonekana popote. Nikaamua apate aya yake mwenyewe katika barua, bila jina: alikotoka, alikofika, na miezi iliyopita katikati.

Kulikuwa na jambo jingine nililojivunia. Siku za soko darasa langu lilikuwa likipungua sana, kwa maana watoto waliachwa nyumbani kulea wadogo zao au kusaidia kwenye mauzo. Muhula wa kwanza nilikuwa nikikosa watoto kama tisa kila siku ya soko. Kuanzia muhula wa pili nikauhamisha usomaji wa hadithi ndefu, ile waliyoipenda kuliko vyote, nikauweka asubuhi ya siku ya soko, na kila mara niliikatiza mahali patamu. Asiyekuja hakujua kilichotokea. Mpaka muhula wa tatu waliokosa walikuwa watatu hivi.

Niliandika hayo kwa kujiamini. Madam aliposoma akaguna.

"Uji ulianza lini?" akauliza.

Uji ulianza muhula wa pili. Bodi ilikuwa imeamua madarasa yote ya chini yapewe uji saa nne. Sikuwa nimelifikiria hilo hata kidogo. Madam akasema mtu yeyote wa kamati mwenye akili timamu atasema watoto walifuata uji, si hadithi, na nitabaki nimekodoa macho. Nikamuuliza nifanye nini. Akasema uji ulipikwa kwa madarasa mengine pia, kwa hiyo nitazame kama na huko utoro wa siku ya soko ulipungua kwa kiasi hichohicho.

Nilielewa alichokuwa akisema. Darasa lililofanana na langu kwa idadi na kwa wazazi lilikuwa moja tu, Gredi ya Pili. Ilibidi nimwombe rafiki yangu rejista yake, nimwambie ninataka kuonyesha kwamba darasa langu lilibadilika kuliko lake, katika barua ya kugombea nafasi anayoitaka yeye.

Siku mbili niliahirisha kumwendea. Mke wangu aliniona ninavyozunguka nyumbani, akaniuliza, nikamweleza. Akasema nikienda kuitazama nakala ya rejista ile ofisini bila kumwambia mwenyewe, sheria itaniruhusu, lakini chai ya pamoja nisahau. Hilo nililijua.

Nikamkuta darasani kwake baada ya watoto kwenda, akipanga vitabu. Nilimweleza yote bila kuzunguka. Aliendelea kupanga mpaka rundo likalingana. Kisha akaenda kwenye kabati, akaitoa rejista na kunipa.

"Kwangu waliokosa walipungua kutoka wanane mpaka sita," akasema. "Nilihesabu mwenyewe wiki iliyopita. Nilijua wako walipungua zaidi, nikajiuliza kwa nini."

Nikamwambia kwa nini. Alicheka aliposikia habari ya kuikatiza hadithi mahali patamu. Nikamwomba radhi kwamba nitaitumia hesabu yake. Akasema hesabu si yake, ni ya watoto. Kisha akanikazia macho.

"Lakini na wewe uandike ukweli wote. Wale kumi na mmoja waliosoma hadithi Januari hukuwafundisha wewe. Na wale waliokuja na maneno, maneno hayo waliyatoa kwangu."

Nikasema nitaandika. Niliandika palepale, juu ya dawati la mtoto, nikamwonyesha. Sentensi yenyewe ilisema kwamba watoto wote ninaowapokea kutoka Gredi ya Pili huja wakisoma maneno, na kwamba maendeleo ninayoyaeleza yamesimama juu ya kazi ya mwalimu huyo. Aliisoma, akalifuta neno "maendeleo", akaandika "mafanikio", kisha akalirudisha la kwanza. Tulitoka shuleni pamoja jioni ile, na maongezi yetu yalirudi kuwa marefu.

Barua ya mwisho ilikuwa na ukurasa mmoja na nusu. Haikuwa na neno bidii. Ilianza na watoto thelathini na wanne, ikaeleza walivyopimwa. Ikafuata siku ya soko, pamoja na uji na hesabu ya Gredi ya Pili. Kisha msichana kutoka Remba. Mwisho nikasema ninachoomba na ninachokusudia kufanya nikikipata: watoto wanaoingia katikati ya mwaka wapimwe siku ya kwanza na wapangiwe muda wao, katika madarasa yote ya chini. Nikaambatanisha nakala za karatasi za kusoma na kurasa za rejista. Madam alisoma, akaivua miwani, akasema, "Sasa huyu ninamjua."

Kamati iliketi wiki ya mwisho kabla ya kufunga. Mbali na mwalimu mkuu alikuwapo mwenyekiti wa bodi, ambaye ni mama aliyewahi kuwa muuguzi, na mzee mmoja mwenye duka la vifaa vya ujenzi kituoni. Mzee huyo alikuja Karungu kutoka Mombasa zamani, watoto wake wote wamesoma kwetu, na siku za Ijumaa alikuwa akilifunga duka mapema kwenda msikitini. Nilidhani yeye ndiye angekuwa mpole kwangu, kwa sababu tulisalimiana kila siku.

Mwalimu mkuu aliuliza kuhusu uji, kama Madam alivyotabiri, nami nikamfungulia ukurasa. Mwenyekiti aliuliza nani alipima watoto, nikasema ni mimi, na kwamba huo ni udhaifu, kwa kuwa mwalimu anaweza kumpendelea mtoto wa darasa lake bila kukusudia. Nikasema ningependa mwaka ujao tupimiane madarasa. Akaandika kitu.

Kisha mzee wa duka akaiweka barua yangu mezani na kuulainisha ukurasa wake kwa kiganja.

"Mwalimu, umetuambia habari ya ishirini na sita. Mimi nimetoa, nikaona wamebaki wanane. Hao je?"

Barua haikusema lolote kuhusu wale wanane. Sikuwa nimewaficha, namba ilikuwepo, yeyote angeweza kutoa. Lakini sikuwa nimewaandikia hata mstari.

Nikaanza kusema bila karatasi. Nilisema mmoja haoni vizuri ubaoni, nimekwisha kuongea na mama yake na wamepewa tarehe ya kliniki ya macho. Wawili ni ndugu wanaoishi na nyanya yao, dani wao kama wanavyomwita, na muhula wa tatu alilazwa, wakakosa shule wiki nyingi. Mmoja anasoma vizuri akiwa peke yake nami lakini akiona wenzake wanamsikiliza anafunga mdomo. Mmoja bado anachanganya herufi ambazo wenzake waliacha kuchanganya zamani, na sijui sababu, ninahitaji kusaidiwa. Wengine wawili wako kwenye aya, wamebakiza kidogo tu, nadhani Februari watavuka. Na wa nane alikuwa amevuka Septemba, akarudi nyuma Oktoba baada ya baba yake kuondoka nyumbani.

Mwenyekiti alikuwa amevua miwani. Yule mzee akasema, "Ahsante, mwalimu. Nilitaka kujua kama unawajua," akaikunja barua.

Rafiki yangu aliingia baada yangu. Nilimsubiri nje, naye alipotoka akasema wamemuuliza maswali magumu na ana njaa. Tukaenda kununua samaki wa kukaanga, tukala tumesimama.

Jibu lilitoka siku ya kufunga. Mwalimu mkuu aliniita akaniambia wamenipa nafasi ile, lakini kwa kukaimu kwa mihula miwili kwanza, na watoto wangepimwa tena na mwalimu wa darasa jingine kabla ya kuthibitishwa. Kisha akasema jambo ambalo sikulitarajia. Walipomuuliza mwalimu wa Gredi ya Pili kama hesabu zangu za siku ya soko zinaaminika, alikuwa amewaambia kwamba rejista alinipa yeye mwenyewe, na kwamba kila kilichoandikwa kumhusu alikisoma kabla hakijapelekwa. Akawaambia pia kwamba mpango wa watoto wanaoingia katikati ya mwaka ni mzuri, yeyote watakayemchagua autekeleze. Mwalimu mkuu alisema bodi imeamua mpango huo usimamiwe na mwalimu huyo wa Gredi ya Pili, pamoja na muda wake katika ratiba na posho kidogo.

Nilimkuta rafiki yangu kibarazani akigawa ripoti kwa wazazi. Alikuwa ameambiwa tayari. Nikampokea rundo la ripoti lililokuwa mkononi mwake ili apumzike, nikaanza kuita majina. Alisimama kando yangu, akiwasalimu akina mama mmoja mmoja kwa Kiluo, akiwauliza habari za nyumbani. Mzazi mmoja akauliza ni nani sasa mkubwa wa madarasa ya chini. "Ni huyu," akasema, akinigusa bega. "Lakini bado hajui chaki zinakaa wapi mwaka huu."

Januari tulianza kupimiana madarasa. Yeye alikuwa mkali kuliko mimi. Watoto wawili niliokuwa nimewapa kiwango cha hadithi aliwarudisha kwenye aya, na alipowasomesha mbele yangu nikakubali. Nilithibitishwa Agosti. Madam alipigiwa simu na mwalimu mkuu kabla sijapata nafasi ya kumpigia, kwa hiyo nilipompigia mimi alinipongeza haraka, akahamia kuniuliza habari za watoto wa Gredi ya Kwanza, ambao hakuwa amewafundisha wala kuwaona. Nilimweleza habari zao kwa kirefu. Upande wa pili wa simu nilisikia kuku na mtu akichota maji, na yeye akisema kila baada ya muda, "Ehe, endelea."